Tende za mwezi mzima kwa nyumba ya watu sita Kisumu: katoni laini, za kushindiliwa, au za gunia?

MamaRashid_Ksm

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Ninaomba ushauri wa kununua tende kabla ya Ramadhani kuingia. Nyumbani tuko sita hapa Kaloleni, Kisumu: mimi, mume wangu, mama mkwe ambaye ana meno ya bandia, na watoto watatu, mdogo wao akiwa na miaka mitatu.

Dukani nimeonyeshwa aina tatu. Ya kwanza ni katoni ndogo ya tende nyeusi za Irani ziitwazo Mazafati, laini kiasi cha kupasuka ukizishika, na zilikuwa zimepangwa kwenye rafu ya kawaida karibu na mlango. Ya pili ni pakiti ya kilo moja iliyoshindiliwa na kuondolewa hewa, ambayo imeandikwa kuwa ni zao la Saudia. Ya tatu ni tende za kahawia, kavukavu, zinazopimwa kutoka kwenye gunia, ambazo muuzaji anasema ni za Iraki na ndizo za bei nafuu. Friji yangu ni ndogo na mara nyingi imejaa. Ningependa kununua zote kwa mpigo mmoja. Nichague zipi, na nitajuaje kama hazijakaa sana?

AbuHamza_Kondele

Wa alaykum salaam, dada. Usijisumbue na za Irani wala za Iraki. Tafuta Ajwa ya Madina, ambayo imetajwa katika hadithi za Mtume (S.A.W.), ulipe bei yake na umalize kazi. Hizo nyingine huchanganywa na sukari ili ziwe nzito kwenye mizani, na ushahidi ni zile chembe nyeupe unazoziona chini ya ganda. Tende safi hung'aa na hazina chembe.

MzeeWaGhala

Shukrani kwa swali, MamaRashid. Nimefanya kazi miaka mingi katika ghala la matunda makavu Mombasa kabla ya kuhamia huku magharibi, kwa hiyo nitaeleza jinsi sisi tulivyokuwa tukizipokea.

Kabla ya kuuliza nchi, uliza tende ina maji kiasi gani ndani yake, kwa sababu hilo ndilo linaloamua nani ataila, itawekwa wapi na itadumu muda gani. Mazafati hutoka hasa Bam, katika mkoa wa Kermani, na huvunwa ikiwa bado na maji mengi, yapata theluthi moja ya uzito wake. Ndiyo maana ganda lake ni jembamba na nyama yake huyeyuka mdomoni. Ndiyo maana pia haikuumbwa kwa rafu ya dukani. Kwao huingizwa kwenye chumba cha baridi mara baada ya kufungwa, na katoni yenyewe kwa kawaida huandikwa kwamba ihifadhiwe kwenye baridi. Ukiikuta mlangoni, katika joto la Kisumu, hutajua imekaa hapo siku ngapi, na tende yenye maji mengi ikikaa kwenye joto huanza kuchachuka kwa ndani huku kwa nje bado inapendeza.

Tende kavukavu za gunia zina maji machache sana, na kwa hiyo chachu haizipati kwa urahisi. Adui yake ni mdudu. Kuna kibawakawa mdogo mwembamba wa kahawia, na kuna nondo wa ghalani ambaye viwavi vyake huacha utando kama wa buibui. Gunia lililo wazi ni mwaliko kwa wote wawili.

Hizo za kushindiliwa ziko katikati. Kwa kuwa hewa imetolewa, mdudu hapati nafasi na tende hazikauki, lakini kwa upande mwingine huoni unachonunua, kwani tende zilizopasuka na zilizo nzima zimekandamizwa pamoja.

Sasa nije kwa ndugu yangu AbuHamza. Ajwa ni tende nzuri, sina ubishi. Hata hivyo, chembe nyeupe chini ya ganda si ushahidi wa sukari iliyoongezwa. Ni sukari ya tende yenyewe ambayo imeganda, na hutokea zaidi kwa tende laini ambazo zimekaa muda mrefu au zimewekwa kwenye baridi. Ichukue moja, uiweke juu ya mvuke wa sufuria kwa muda mfupi. Ikiwa ni sukari, chembe zitalainika au zitatoweka. Ukungu hautoweki. Vilevile, ukiisugua kwa kidole, sukari hukwaruza kama mchanga mwembamba, wakati ukungu ni manyoya laini yenye harufu ya uvundo.

Na kuhusu kung'aa, hapo ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. Tende nyingi hung'aa kwa sababu zimepakwa sharubati ya glukosi au mafuta ya mimea. Soma orodha ya viambato. Tende halisi haina orodha, ni tende tu. Ukiona glukosi imetajwa, hiyo ndiyo sukari ya kuongezwa uliyokuwa ukiitafuta.

AbuHamza_Kondele

Nakubali kuhusu glukosi, Mzee, nilikuwa sijawahi kusoma upande ule wa boksi. Ila kuhusu Madina bado nasimama pale pale. Kuna baraka ndani yake, na baraka haipimwi kwa mvuke.

MzeeWaGhala

Hilo la baraka sitalibishia. Nitasema tu kwamba neno Madina limebandikwa kwenye tende nyingi ambazo hazijawahi kuiona Madina. Ajwa ni ndogo ya wastani, nyeusi, ina mikunjo yenye mistari myembamba ya rangi hafifu, na haina unyevu wa kunata. Ukiuziwa kitu kirefu, cheusi na kinachonata kwa jina la Ajwa, yaelekea ni Safawi, nayo pia hulimwa Madina na haina ubaya, lakini bei yake haipaswi kuwa ile.

Otieno_Milimani

Samahani kuingilia. Mama mkwe akiwa na umri huo asile tende hata kidogo, kwa sababu tende moja kubwa ina sukari kama vijiko vinne vya chai. Mjomba wangu alikatazwa na daktari.

MamaRashid_Ksm

Ahsante kwa kujali, ndugu Otieno, lakini mama hana kisukari. Shida yake ni meno. Tende ngumu hunasa kwenye meno ya bandia na kuyang'oa.

Otieno_Milimani

Nimekuelewa, nilisoma haraka. Hata hivyo ile hesabu ya sukari ni kweli kwa zile kubwa.

MzeeWaGhala

Ni kweli kwa Medjool, ambayo yafikia gramu 20 na zaidi kwa moja. Tende ya kawaida ina gramu 8 hadi 10 pamoja na kokwa, kwa hiyo sukari yake ni chini ya nusu ya hiyo. Anayeuguza mtu wa kisukari ahesabu kwa gramu, si kwa idadi ya tende.

Mpishi_Mumias

Mimi natengeneza maamuli na keki za tende hapa Mumias, na nitaomba nitaje yaliyonipata. Nilinunua za gunia kwa sababu ya bei, nikaziweka kwenye ndoo yenye mfuniko, na baada ya wiki chache nilipozipasua ili kutoa kokwa nikakuta vumbi jeusi ndani ya nyingine, na ndani ya nyingine vipunje vidogo vya kahawia pamoja na utando. Kwa nje hazikuwa na dosari yoyote. Tangu hapo ninatumia za kushindiliwa pekee. Swali langu kwa Mzee: lile vumbi jeusi ni uchafu wa mdudu?

MzeeWaGhala

Hapana, dada. Ni vitu viwili tofauti. Vipunje vya kahawia pamoja na utando ni kazi ya kiwavi. Vumbi jeusi kama masizi, lililoshika kuzunguka kokwa, ni kuvu ambayo mara nyingi huingia tunda lingali mtini, hasa mvua ikinyesha karibu na mavuno. Tende hiyo itupwe yote, usikate upande mmoja na kubakisha mwingine. Lakini usitishwe na kile kiganda chembamba cheupe kinachofunika kokwa. Hicho ni maumbile yake, ingawa kila mwaka kuna mtu atakirudisha dukani akidai ni ukungu.

Kwa ajili hiyo ndiyo maana huwa nasema: popote wanapopima kwa kilo, omba tende tano kutoka sehemu mbalimbali za gunia, si za juu tu, uzipasue kwa urefu palepale mbele ya muuzaji. Juu ya gunia ndipo zinapopangwa nzuri. Ukikuta moja kati ya tano ina mdudu au vumbi jeusi, ondoka. Muuzaji anayekataa zipasuliwe amekwisha kujibu swali lako.

Kwa upishi wako, za kushindiliwa ndizo sahihi, kwani kupasuka kwa ganda hakukuathiri.

Baridi_Nakuru

Mimi niko Nakuru na tatizo langu ni kinyume cha la MamaRashid. Nilinunua Sukkari, ile ya rangi ya dhahabu, nikaiweka kabatini, na ndani ya mwezi mmoja zimekuwa ngumu hata watoto hawazitaki. Je, nimeuziwa za zamani?

MzeeWaGhala

Si lazima. Sukkari ya Qasimu kwa asili ina sehemu mbili, chini ni laini na juu, karibu na kikonyo, ni kavu na hutafunika kwa sauti. Nakuru kuna ubaridi na hewa kavu, na pakiti ikishafunguliwa maji yaliyobaki hutoka haraka. Ziweke kwenye kichujio juu ya mvuke kwa dakika chache au ziloweke kwenye maziwa ya vuguvugu, zitarudi. Tende iliyokauka haijaharibika, imepoteza maji tu. Iliyochachuka hairudi.

Jambo moja la kuangalia: je, pakiti ulipoinunua ilikuwa imefungwa kiwandani, au ilikuwa mfuko mwangavu uliofungwa kwa mkono?

Baridi_Nakuru

Mfuko wa mkono, bila maandishi.

MzeeWaGhala

Basi hatutajua kamwe. Muuzaji akishazihamisha kutoka katoni kubwa kwenda mfuko mdogo, tarehe imebaki kwenye katoni.

MamaRashid_Ksm

Nimerudi dukani leo nikiwa na macho mapya, na ningependa mnisaidie kusoma nilichokiona.

Katoni za Mazafati zilikuwa zimepangwa kwenye safu tano. Zile za chini zimebonyea, na kwenye pembe za mbili kuna madoa meusi ya kunata yaliyopenya hadi nje. Nilipofungua mfuniko wa moja, ile karatasi ya plastiki ya juu ilikuwa imevimba kidogo. Harufu yake haikuwa mbaya, ila kulikuwa na ukali fulani, karibu na siki. Tarehe ya kwisha bado ni miezi saba mbele.

Ile ya kushindiliwa imebana vizuri, haina hewa, na ina maandishi ya jina, uzito, tarehe ya kufungwa, jina na anwani ya mwagizaji Mombasa, pamoja na stika ya ISM ya KEBS. Lakini kwa maandishi madogo nimeona imefungwa Falme za Kiarabu, ingawa mbele inasema zao la Saudia. Je, huo ni udanganyifu?

Gunia nimelipasulia tano kama ulivyosema. Nne safi, ya tano ilikuwa kavu sana lakini bila mdudu. Lililonisumbua ni kwamba gunia limesimama kando ya omena.

MzeeWaGhala

Umeangalia vizuri kuliko wakaguzi wengi. Nitajibu kwa mpangilio wako.

Hizo Mazafati ziache. Plastiki iliyovimba maana yake kuna gesi, na gesi hutoka kwa chachu inayokula sukari. Ule ukali wa siki unathibitisha. Madoa ya pembeni yanaonyesha kwamba tende zilipata joto zikatoa sharubati yake, ama zilitolewa kwenye baridi zikayeyuka zikiwa zimebebana. Tarehe ya miezi saba mbele ni ahadi ya kiwanda kwa tende iliyokaa kwenye baridi wakati wote. Ikishakaa mlangoni, ahadi hiyo imevunjika. Katika duka hilo hilo au jingine, uliza kama wana katoni zilizo ndani ya friji. Ukiinamisha katoni na tende zikabaki mahali pake bila maji kutiririka, na plastiki ikiwa imelala, hizo chukua.

Zao la nchi moja kufungwa katika nchi nyingine si udanganyifu. Tende nyingi za Irani, Iraki na Saudia hupitia Dubai, zikachambuliwa na kufungwa huko. Neno moja linakuambia zilikokua, la pili zilikofungwa, na ni vyema yote mawili yameandikwa. Mimi hupata wasiwasi pale linapoonekana la pili tu. Stika ya ISM ni dalili kwamba mzigo umepitia utaratibu wa forodha na KEBS. Haikuambii jinsi mwenye duka alivyoutunza baadaye.

Kumbuka pia kwamba tarehe ya kufungwa si tarehe ya kuvunwa. Kule Uarabuni na Irani mavuno makubwa ni kati ya Agosti na Oktoba. Pakiti iliyofungwa Januari yaweza kuwa na tende za msimu uliopita tu, au za mwaka mmoja nyuma yake zilizokuwa ghalani. Za zamani huwa nyeusi zaidi kuliko kawaida ya aina yake.

Gunia la kando ya omena liache lilivyo. Tende hunyonya harufu, na hiyo haiondoki kwa kuosha.

AbuHamza_Kondele

Kwa omena, Mzee amesema kweli. Mke wangu aliwahi kuziweka pamoja kwenye friji, na futari ile hakuna aliyeimaliza.

MamaRashid_Ksm

Basi ninunue kilo ngapi, na kwa mpango gani?

MzeeWaGhala

Tuhesabu. Tuseme kila mtu tende tatu kwa siku, watu sita, siku 30: ni tende 540. Kwa gramu 8 hadi 10 kila moja, ni kama kilo tano kwa jumla. Usinunue kilo tano za aina moja.

Watu wanne wenye meno mazuri wanahitaji tende 360, yaani kama kilo tatu. Hizo nunua mara moja, za nusu kavu, zilizofungwa na zenye maandishi. Ikiwa kuna Zahidi ya Iraki kwenye pakiti, au Deglet Nour ya Tunisia au Aljeria, zinafaa kabisa kwa joto lenu na hazihitaji friji kwa mwezi mmoja. Ukifungua pakiti, hamishia kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko na dirisha. Za kushindiliwa pia zitafaa ikiwa hamjali sura yake mezani.

Mama mkwe na mtoto mdogo wanahitaji tende 180, karibu kilo mbili kasoro kidogo. Hao ndio wa Mazafati au nyingine laini, lakini nunua katoni ya nusu kilo kila wiki kutoka kwenye friji ya duka, na kwako ikae kwenye friji tangu siku ya kwanza, imefunikwa. Katoni moja haichukui nafasi kubwa. Na huyo wa miaka mitatu, kokwa itolewe na tende ikatwe vipande vidogo, hata iwe laini namna gani, kwa sababu inateleza kooni.

Mpishi_Mumias

Naongeza kwamba hata zile kilo tatu ni vizuri kuzipitisha kwenye friza kwanza. Mimi huzilaza kwa wiki nzima zikiwa zimefungwa, na tangu nilipoanza sijaona mdudu tena. Hazigandi hata zikawa jiwe, kwa ajili ya sukari yake.

MzeeWaGhala

Sahihi, baridi kali ya friza huua mayai ya mdudu. Ila ukizitoa, usifungue pakiti mpaka zifikie joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya tende na kuzilowesha, na Kisumu hewa haina uchache wa unyevu.

Baridi_Nakuru

Na kuosha je? Mama yangu huosha tende zote siku ya kuzinunua, akazianika, kisha akazihifadhi.

MzeeWaGhala

Mimi sioshi mpaka wakati wa kula. Maji yakiingia kwenye mikunjo ya ganda, unaleta unyevu ule ule tunaoukimbia.

Mpishi_Mumias

Hapo tunatofautiana, Mzee wangu. Za gunia zilishikwa na mikono mingi, na vumbi la barabarani liko juu yake. Mimi huosha haraka, nikazikausha kwa kitambaa na kuzianika kwenye ungo chini ya chandarua hadi ganda likauke kabisa, na hukaa miezi.

MzeeWaGhala

Kwa za gunia, na kwa jua la Mumias, labda. Kwa Mazafati usijaribu. Utabaki na uji.

MamaRashid_Ksm

Nimepata Deglet Nour za Tunisia, pakiti sita za nusu kilo, katika duka jingine karibu na Jubilee. Zimeandikwa zao na mahali pa kufungwa, na kwenye viambato ni tende pekee. Nimefungua moja na kupasua: nyama ni ya rangi ya asali, kokwa safi. Mazafati za friji bado sijazipata hapa mjini. Muuzaji ameahidi kuleta Alhamisi, lakini zitapanda basi kutoka Nairobi usiku kucha bila baridi. Je, safari hiyo inaziharibu?

MzeeWaGhala

Usiku mmoja pekee hauziharibu, ikiwa zilitoka kwenye baridi na zinaingia kwenye baridi. Mwambie akupigie zikifika, uzichukue asubuhi hiyo hiyo kabla hazijapangwa mlangoni, na uangalie plastiki ya juu kabla ya kulipa.